Jengo la jirani na shimo la besmenti: namna ya kuandaa ripoti ya kutitia na kuinama

Ripoti nyingi za aina hii nilizowahi kushika ni nene na hazisomwi. Kurasa arobaini za majedwali hutumwa kila Ijumaa, mkandarasi anazifungia kwenye faili, mhandisi mshauri anaangalia jalada, na mwenye jengo la jirani hata hajui kama zipo. Siku ufa unapotokea ukutani ndipo watu wanaanza kuulizana nani mwenye mamlaka ya kumwambia dereva wa ekskaveta azime mashine. Jibu lilitakiwa liwe limeandikwa na kusainiwa kabla ndoo ya kwanza ya udongo haijatoka.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na makubaliano, kisha vipimo, kisha ukurasa wa kwanza wa ripoti. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Namba zake nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kirahisi, lakini mazingira ni yale ya kila siku katikati ya Dar es Salaam: kiwanja kidogo, mchanga wa pwani, maji ya ardhini yaliyo karibu, na jirani ambaye ukuta wake uko hatua tatu kutoka ukingoni.

Jengo letu ni la ghorofa nne, limejengwa kwa nguzo na bimu za zege na kuta za tofali kati yake. Kila nguzo imesimama juu ya msingi wake peke yake, kina cha mita moja na nusu. Chini kuna maduka, juu wanaishi watu. Shimo la besmenti mbili litachimbwa hadi mita 7.5. Ukuta wa kuzuia udongo ni safu ya paili za zege zilizopangwa moja kando ya nyingine, zikikinzwa na safu mbili za mihimili ya chuma, ya kwanza kwenye kina cha mita 2 na ya pili kwenye mita 5. Maji yanapatikana mita 3 chini, kwa hiyo pampu zitahitajika.

Anza kabla ya uchimbaji

Kazi ya kwanza ni kulijua jengo lilivyo sasa. Pita chumba kwa chumba pamoja na mwenye nyumba au mtu wake, piga picha kila ufa ukiwa umeshikilia rula kando yake, andika upana na tarehe, kisha wote mtie saini. Jengo la miaka hamsini lina nyufa zake. Usipoziandika leo, baada ya miezi mitatu zote zitakuwa za mkandarasi. Wala usidhani hili ni kwa faida ya mkandarasi peke yake: mwenye nyumba naye anapata ushahidi kwamba ufa fulani ulikuwa uzi na sasa unaingiza sarafu.

Kisha weka nukta za kupimia. Kwa kutitia tunatoboa nguzo na kupachika misumari ya chuma isiyoshika kutu, sentimita 50 hivi juu ya sakafu, mahali ambapo stafu, yaani rula ndefu ya kupimia kimo, inaweza kusimama bila kugongana na meza za wafanyabiashara. Katika mfano wetu mstari mmoja muhimu unaanzia upande wa shimo na kurudi nyuma: nukta A iko mita 2 kutoka ukingoni, kisha B, C na D, kila moja mita 5 kutoka mwenzake. Mistari mingine miwili ipo, lakini huu utatosha kutufundisha. Usiziweke nukta zote kwenye uso unaotazama shimo, kosa ambalo hufanyika sana kwa sababu pale ndipo panapoonekana. Ukiwa na uso huo tu utajua jengo limeshuka kiasi gani, lakini hutajua limeshuka kwa umbo gani, na tutaona baadaye kwamba umbo ndilo linalosema chanzo.

Kwa kuinama, tunabandika prizimu, kioo kidogo cha kuakisi mwanga, juu ya paa na nyingine chini yake kwenye nguzo ileile, tukizipima kwa totali stesheni, chombo kinachopima pembe na umbali. Tofauti ya mwendo wa mlalo kati ya juu na chini, ukiigawa kwa urefu uliopo kati yake, ndiyo mwinamo. Milimita moja kwa kila mita ni sawa na 1 kwa 1000. Asiye na totali stesheni anaweza kupata picha ya kuridhisha kwa timazi ndefu ndani ya tundu la ngazi, uzito wake ukiwa umezamishwa kwenye ndoo ya mafuta ili usiyumbe.

Sasa benchimaki, yaani alama ya msingi ambayo tunaamini haisogei. Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokufa kimyakimya. Katika mchanga, udongo nyuma ya ukuta wa shimo huweza kushuka hadi umbali wa mara mbili hivi ya kina cha shimo. Mhandisi wa udongo Peck alilionyesha hilo mwaka 1969. Kwa shimo letu ni mita 15. Mpima anaposikia hivyo anaweka benchimaki mita 25 kutoka ukingoni na kulala usingizi. Lakini pampu zikianza kuvuta maji, kushuka kwa maji ya ardhini kunaweza kufika mbali zaidi ya hapo, na ardhi yote iliyo juu yake inatitia kidogo, benchimaki ikiwemo. Ikitokea hivyo, jengo limeshuka milimita 5, benchimaki imeshuka 3, na ripoti inasema 2. Kosa hili halipigi kelele. Linafanya kila kitu kionekane salama.

Weka basi benchimaki tatu, pande tofauti, angalau moja ikiwa mbali kabisa na pampu, mita mia au zaidi, kwenye jengo kubwa lililosimama juu ya paili au kwenye mwamba wa matumbawe pale unapopatikana. Kila unapopima, funga mzunguko kati ya zote tatu, yaani pima kutoka moja hadi nyingine mpaka urudi ulipoanzia. Tofauti ya kimo baina yao ikibadilika kwa zaidi ya nusu milimita, hujapima jengo siku hiyo. Umepima tatizo la benchimaki, na lazima ulitatue kwanza.

Mwisho wa maandalizi ni vipimo vya msingi. Kipimo kimoja hakitoshi kamwe. Pima mara nne au tano ndani ya wiki mbili, kwa levo ya kidijitali, chombo cha kulinganisha vimo, na stafu yake ya invari, metali isiyotanuka sana kwa joto, kabla hata paili ya kwanza haijapigwa. Utagundua jengo linacheza lenyewe. Jua la mchana likipiga upande mmoja, paa linavutika na prizimu za juu zinaweza kusogea milimita mbili au tatu pasipo mtu yeyote kuchimba kitu. Ndiyo maana tunapima saa moja asubuhi, kila mara saa hiyohiyo. Mchezo huo wa asili unatuambia jambo moja la lazima: kiwango cha tahadhari kisiwe karibu nao, la sivyo king'ora kitalia kila siku hadi watu wazoee.

Kupanga viwango

Viwango vya tahadhari ni vitatu, njano, chungwa na nyekundu, navyo vinatoka sehemu mbili na lazima vikutane. Ya kwanza ni makadirio ya msanifu wa shimo: anatarajia jengo litashuka kiasi gani kama kila kitu kitakwenda alivyopanga? Katika mfano wetu amesema nukta A itashuka milimita 12 shimo likifika chini. Ya pili ni uwezo wa jengo kuvumilia. Wahandisi Skempton na MacDonald, waliokusanya kumbukumbu za majengo mwaka 1956, waliona nyufa za kuta za kujazia zikianza pale ambapo tofauti ya kutitia kati ya nguzo mbili inafika 1 kwa 300 ya umbali uliopo kati yake, na wakashauri wasanifu wasivuke 1 kwa 500. Lakini jengo letu ni la zamani. Limeshatumia sehemu ya uvumilivu wake huko nyuma, tena halikupimwa. Kwa hiyo tukakubaliana nyekundu iwe karibu 1 kwa 700.

Hili ndilo jedwali lililosainiwa:

| Kipimo | Njano | Chungwa | Nyekundu |
|---|---|---|---|
| Kutitia kwa nukta yoyote | 8 mm | 12 mm | 16 mm |
| Tofauti kati ya nukta jirani, mita 5 | 3.3 mm | 5 mm | 7 mm |
| Mwinamo | 0.5 mm kwa mita | 0.75 mm kwa mita | 1.0 mm kwa mita |

Pamoja na jedwali kuna kanuni moja ya mwendo: nukta yoyote ikishuka zaidi ya milimita 1 kwa siku, siku mbili mfululizo, hali inapanda rangi moja juu ya ilipo. Kanuni hii ina thamani kuliko mistari yote mitatu. Milimita 10 zilizokuja kwa miezi miwili ni habari. Milimita 6 zilizokuja kwa siku tatu ni hatari.

Angalia pia kwamba mistari mitatu ya jedwali inapima vitu vitatu tofauti. Jengo zima linaweza kushuka kwa usawa bila ufa hata mmoja; mabomba yanayoingia ndani ndiyo yatakayoumia. Linaweza kuinama zima kama kabati lililowekwa kwenye sakafu mbovu, na bado kuta zisipasuke, ingawa milango itaanza kujifungua yenyewe. Kinachopasua kuta ni kupinda, nguzo moja ikishuka na jirani yake ikabaki. Ndiyo sababu mstari wa kati upo, na ndiyo sababu nasisitiza nukta zirudi hadi nyuma ya jengo.

Nani anafanya nini

Kila rangi iandikiwe kitendo, mtu na muda. Epuka maneno kama "hatua stahiki zitachukuliwa". Hayajawahi kusimamisha mashine yoyote.

Njano ina maana kazi inaendelea, lakini mpima anarudia kipimo siku hiyohiyo kabla ya jua kupanda, anampigia mhandisi mshauri ndani ya saa mbili, na kuanzia hapo vipimo ni kila siku. Mhandisi anaandika chanzo anachokishuku ndani ya saa 24. Sentensi mbili zinatosha, mradi ziandikwe.

Chungwa ina maana uchimbaji unasimama upande ule wa jengo, mita 10 kila upande wa nukta iliyovuka. Mkandarasi anarudisha udongo mbele ya ukuta kama tuta la kuuegemea, anamalizia mihimili iliyokuwa imepangwa, na vipimo vinakuwa mara mbili kwa siku. Mwenye jengo anaambiwa siku hiyohiyo, kwa simu na kwa maandishi. Udongo wa tuta uwepo kiwanjani tangu mwanzo. Nimeona mpango mzuri ukikwama kwa sababu udongo wote ulishabebwa na malori na hakuna aliyebakiza hata fungu moja.

Nyekundu ina maana uchimbaji wote unasimama, watu wanatoka kwenye jengo la jirani, na shimo linaanza kujazwa upande huo. Mamlaka ya mji yanaarifiwa. Foromani anayekuwa zamu anayo ruhusa iliyoandikwa ya kusimamisha kazi bila kumpigia simu mtu yeyote kwanza, na hataulizwa baadaye kwa nini aliwahi. Bila sentensi hiyo ya mwisho, foromani atasubiri meneja, meneja atamtafuta mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safarini.

Kitu kimoja lazima kiandikwe kwa herufi nene kwenye mpango: pampu zisizimwe ghafla. Ukiona jengo linashuka na unajua ni maji, mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi. Lakini maji yakipanda nje ya ukuta huku shimo likiwa wazi, shinikizo linaweza kusukuma mchanga wa sakafu ya shimo juu ukachemka kama uji, na paili zikapoteza egemeo lake la chini. Uamuzi wa kupunguza au kuzima pampu ni wa mhandisi wa udongo peke yake, na kwa kawaida unatanguliwa na kujaza.

Mkutano wa kusaini haya ukae na watu wote: mkandarasi, mhandisi mshauri, mpima, mhandisi wa udongo, na mwenye jengo la jirani. Mwenye jengo mara nyingi husahauliwa. Katika vikao vya namna hii yeye ndiye huuliza swali la maana kuliko yote: "Injinia, mkisema wapangaji wangu watoke, watalala wapi?" Jibu nalo liwe kwenye mpango, pamoja na jina la nyumba ya wageni na nani analipa.

Ukurasa wa kwanza

Ripoti yenyewe iwe fupi. Ukurasa wa kwanza uwe na rangi ya leo, namba mbaya kuliko zote na nukta yake, mwendo wa saa 24 zilizopita, kina cha shimo asubuhi hii, usawa wa maji ndani ya bomba la kuchungulia lililoko nje ya ukuta, jambo lolote jipya lililofanyika kiwanjani, kitendo kinachoendelea na jina la anayekifanya, na saa ya kipimo kijacho. Msomaji aliyesimama barabarani na simu mkononi aweze kuyapata yote bila kugeuza ukurasa.

Ukurasa wa pili ni mchoro mmoja. Mlalo ni tarehe. Wima ni kutitia kwa A, B, C na D kwenda chini. Juu yake, kwenye karatasi ileile, chora ngazi ya kina cha shimo na alama za siku mihimili ilipofungwa na pampu zilipowashwa. Mchoro wa kutitia usio na kazi za kiwanjani juu yake ni kama kadi ya homa isiyoonyesha dawa alizopewa mgonjwa. Majedwali, ufungaji wa mizunguko ya levo na picha za nyufa ziende nyuma kama viambatisho kwa anayetaka kuhakiki.

Kusoma umbo

Sasa tuingie kwenye mfano. Siku ya 30, shimo likiwa mita 3 na mhimili wa kwanza umefungwa, nukta zilikuwa zimeshuka hivi: A 2.1, B 1.3, C 0.6, D 0.2, zote milimita. Umbo ni la kawaida: ukuta umesogea kidogo kuelekea shimoni, udongo nyuma yake umefuata, na athari inafifia kadiri unavyorudi nyuma. Rangi ni kijani, yaani hakuna kilichofika njano.

Siku ya 38 pampu ziliwashwa. Siku ya 41 vipimo vikaja A 5.4, B 4.5, C 3.7, D 3.2. Kwa jedwali bado ni kijani, na mpima mvivu angeishia hapo. Lakini toa vipimo vya siku ya 30 na uangalie kilichoongezeka: 3.3, 3.2, 3.1, 3.0. Jengo zima limeshuka karibu sawasawa, hata D iliyo mita 17 kutoka ukingoni, ambako ukuta wa shimo hauwezi kufika kwa nguvu hiyo. Umbo kama hili lina maelezo mawili tu ya kawaida. Ama kipimo kimekosea, benchimaki imeguswa au stafu imesomwa vibaya, ama ardhi yote imetitia kwa sababu maji yameondoka. Mpima alifunga mzunguko kwenye benchimaki tatu na kukuta hazijaachana kwa zaidi ya milimita 0.3. Bomba la kuchungulia likaonyesha maji ya nje yameshuka kutoka mita 3.0 hadi 4.9. Ni maji. Mhandisi wa udongo akaagiza visima vya pampu vilivyo karibu na jirani vipunguzwe mvuto na vya upande wa pili viongezwe, na maji yakakaa palepale.

Siku ya 46 A ilikuwa 7.2 na B 5.2. Siku ya 47 A 8.3, B 5.4. A imevuka 8, kwa hiyo njano. Kipimo kikarudiwa, kikathibitika. Siku ya 48 A 9.6, B 5.6, C 4.0, D 3.3.

Ongezeko tangu siku ya 41 ni 4.2 kwa A, 1.1 kwa B, 0.3 kwa C na 0.1 kwa D. Umbo limegeuka kabisa. D haijaguswa, kwa hiyo si maji tena. Kuna kitu kinatokea ukutani, karibu na A. Tofauti ya A na B ni milimita 4.0 kwenye mita 5, yaani 1 kwa 1250, nayo imevuka njano. Na A imeshuka 1.1 kisha 1.3 kwa siku mbili mfululizo, kwa hiyo kanuni ya mwendo inapandisha hali rangi moja. Chungwa.

Hebu tazama mwinamo siku hiyohiyo. A na D zimeachana milimita 6.3 kwenye mita 15, ambayo ni 0.42 kwa mita. Prizimu ya paa imesogea milimita 4 kuelekea shimoni kuliko ya chini, mita 12 kati yao, yaani 0.33 kwa mita. Vyote viwili viko chini ya njano. Aliyeweka vipima mwinamo peke yake angetuma ripoti ya kijani asubuhi ile. Jengo halikuwa linainama zima, lilikuwa linapinda kwenye chumba cha kwanza kati ya A na B, na kipima ufa kilichobandikwa kwenye ukuta huo wa ghorofa ya kwanza kilionyesha ufa wa zamani umefunguka milimita 0.4.

Ujumbe uliotumwa kwa wote saa mbili na nusu asubuhi ulikuwa hivi:

"CHUNGWA. Nukta A 9.6 mm, mwendo 1.3 mm kwa siku. A–B 4.0 mm. Uchimbaji upande wa mashariki umesimama saa 2:10. Kina kilichopimwa hapo ni mita 6.3, ruhusa ilikuwa 5.5. Tuta linaanza sasa, foromani wa zamu. Kipimo kijacho saa 11 jioni."

Sentensi ya kina ndiyo chanzo. Mpango uliruhusu kuchimba hadi mita 5.5, nusu mita tu chini ya mhimili wa pili, kisha mhimili ufungwe ndipo waendelee. Chuma kilichelewa, dereva akapewa kazi asikae bure, na paili zikabaki na urefu wa zaidi ya mita nne bila kukinzwa, kutoka mhimili wa kwanza hadi sakafu ya shimo. Ukuta ulijitokeza tumbo, mchanga ukafuata, A ikashuka. Hakuna aliyelificha jambo hili kwa makusudi. Halikuwa kwenye ripoti kwa sababu hakuna aliyekuwa anapima kina cha shimo mbele ya A. Tangu hapo kinapimwa kila asubuhi na mpima yuleyule.

Kuna umbo la tatu ambalo mfano wetu haukulifikia lakini lijue: nukta moja inashuka ghafla, milimita tatu au nne kwa usiku mmoja, na jirani zake hazina habari. Kwenye mchanga wenye maji, nenda shimoni ukaangalie nafasi kati ya paili. Mara nyingi utaona maji machafu yanatoka na kichuguu cha mchanga chini yake. Mchanga huo umetoka chini ya msingi wa jirani. Usiendelee kupima kwanza. Ziba kwa magunia ya mchanga na kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia chembe, ndipo upime.

Kishawishi cha kubadilisha viwango

Tuta liliwekwa siku ya 48 alasiri na mhimili wa pili ukafungwa siku ya 50. Siku hiyo A ilisoma 10.9 na B 6.1. Siku ya 60 A ilikuwa 11.2 na B 6.4, mwendo umekufa. Lakini bado kuna zaidi ya mita moja ya kuchimba, na msanifu anasema A itashuka milimita 2.5 zaidi. Itavuka 12, chungwa tena. Kikaoni mtu atasema, na atasema kwa upole kabisa, kwamba chungwa ingesogezwa iwe 14 ili kazi isikatike.

Singapore, 20 Aprili 2004, shimo la reli lenye kina cha karibu mita 30 kando ya barabara ya Nicoll Highway lilianguka na kuua watu wanne. Uchunguzi rasmi ulionyesha kwamba vipimo vilikuwa vimeshavuka viwango mapema, na hesabu za kurudi nyuma, yaani zile zinazorekebishwa hadi zilingane na vipimo vilivyopatikana, zilitumika kuweka viwango vipya badala ya kuhoji usanifu wenyewe. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: kiwango kinaweza kubadilishwa, lakini kwa hesabu mpya zilizokaguliwa na mhandisi ambaye hakusanifu shimo, kwa saini za wote waliosaini mwanzo, mwenye jengo akiwemo, na jedwali la zamani linabaki kwenye ripoti kando ya jipya. Na nyekundu haiguswi kabisa, kwa sababu nyekundu ilitoka kwenye uwezo wa jengo, nalo halijapata nguvu mpya.

Katika mfano wetu hawakubadilisha. Walikubali kuvuka 12 wakijua, wakachimba vipande vya mita 4 mbele ya A, kila kipande kikimwagiwa zege ya sakafu siku hiyohiyo kabla ya kufungua kinachofuata. A ikaishia 13.1. Tofauti ya A na B ikafika 5.0 kamili, na siku hiyo mashine zikasimama kama ilivyoandikwa, kwa muda wa saa tisa nzima, mpaka kipimo cha jioni kilipoonyesha hakuna mwendo.

Lini kuacha kupima

Usiache sakafu ya besmenti inapomwagwa. Mihimili ya muda itaondolewa moja baada ya nyingine slabu zikipanda, na kila inapoondolewa ukuta unasogea kidogo tena. Kisha pampu zitazimwa na maji yatarudi. Endelea kila siku kwa siku tatu baada ya kila mhimili kutoka, kisha kila wiki, na baada ya pampu kuzimwa pima kila mwezi hadi upate miezi mitatu ambayo hakuna nukta iliyosogea zaidi ya milimita moja.

Ripoti ya mwisho ibebe picha za nyufa zilezile zilizopigwa siku ya kwanza, rula ileile kando, zikipangwa mbili mbili. Ufa wa ghorofa ya kwanza kati ya A na B uliishia milimita 0.6 zaidi ya ulivyokuwa. Mkandarasi aliuziba na kupaka plasta kwa gharama yake. Maji yaliporudi, A ilipanda kutoka 13.1 hadi 12.6, na D kutoka 3.5 hadi 2.4.